Bata Thelathini na Moja kwa Dakika

Arlys Voigt alibakiza nusu ya somo moja tu amalize shule, na hiyo nusu ilimkaa kooni miaka hamsini.

Si hesabu iliyomshinda, wala historia. Ni mazoezi ya viungo. Machi ya mwaka sabini na tatu mwalimu aliwafundisha dansi za wawili wawili, wavulana wakapangwa upande huu, wasichana upande ule, kila mvulana aende achague wake. Wavulana ishirini, wasichana ishirini na mmoja. Wakachaguana wee, mpaka Arlys akabaki peke yake ukutani. Mwalimu akamletea ufagio. "Cheza na huyu leo," akasema, "hatakukanyaga." Ukumbi mzima ukacheka. Arlys akaupokea ule ufagio, akamrudishia mwalimu mkononi mwake, akavaa koti akatoka. Jumatatu yake alikuwa kiwandani, amevaa buti za mpira, anakata mabawa ya bata mzinga.

Hakumwambia mtu kwamba hakumaliza. Mumewe Duane aliondoka duniani akijua mkewe ana cheti. Ukutani kwake zipo picha tatu za watoto wake wamevaa majoho na kofia zile bapa, na kila alipoulizwa yake iko wapi alijibu, "Mafuriko yaliichukua." Mafuriko yalikuwapo kweli, ila hayakuchukua picha. Hakukuwa na picha ya kuchukua.

Sasa ana miaka sitini na minane. Siku moja alisoma kwenye gazeti la mji kwamba watu wazima wanaweza kumalizia masomo waliyoyaacha, kule jengo la shule yake ya zamani, mchana, Jumanne na Alhamisi. Akaenda bila kumwambia hata mwanawe Curtis. Dada wa ofisini akapekua makaratasi, akatabasamu. "Mama, wewe unadaiwa nusu somo tu. Mazoezi ya viungo."

"Najua ninachodaiwa," akasema Arlys. "Ni nini safari hii? Ufagio tena?"

"Mazoezi kwa muziki. Wiki sita."

Akampa fomu. Palikuwa na swali: unatumia dawa yoyote? Arlys alikuwa na chupa ya vidonge vya moyo ndani ya mkoba ule ule aliokuwa ameupakata. Akaandika kwa herufi kubwa: HAPANA. Hakuingia pale kuhurumiwa.

Mwalimu wao, Ostby, alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na tisa, na filimbi shingoni ambayo hakuwahi kuipuliza. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Akawagawa watatu watatu. Arlys akaangukia kwa Leland, mwanamume wa miaka hamsini na mbili anayeendesha lori la maziwa, goti lake moja bovu, na Yesenia, binti wa miaka ishirini na minne mwenye nywele ndefu za kufunga, ambaye alikuja kila siku akisinzia kwa sababu alitoka zamu alfajiri.

Siku ya kwanza hawakuruka hata kidogo. Walikaa sakafuni wakijipiga mapaja.

"Kila wimbo una mapigo," Ostby akasema. "Yahesabuni kwa robo dakika, halafu zidisheni kwa nne. Mapigo thelathini na mawili ni mangapi kwa dakika?"

"Mia na ishirini na nane," akajibu Leland. Mtu wa galoni huyo, hesabu haimpi shida.

"Vizuri. Wimbo wa kupashia mwili uwe mia na ishirini hivi. Wa mazoezi yenyewe, kama mguu mmoja hauachi sakafu, muutafute kati ya mia na ishirini na mia na arobaini. Ukienda juu zaidi miguu inakosa muda. Hatua zinakuwa fupi, mtu anaanza kuchechemea tu."

Halafu akawafundisha kusikia nane. Muziki mwingi, alisema, unatembea kwa mapigo manane manane, na nane zikiwa nne, yaani thelathini na mawili, wimbo unavuta pumzi na kuanza upya. Zoezi lao lijae humo humo: hatua nne tofauti, kila moja mapigo manane. Msizifundishe zote kwa mpigo mmoja, akasema. Fanyeni ya kwanza mpaka ikae. Ongezeni ya pili, mrudie zote mbili toka mwanzo. Ongezeni ya tatu, mrudie tena. Na mmoja wenu awe mwita hatua, atangaze hatua inayofuata kabla haijafika, kwenye mapigo manne ya mwisho. Ukiitangaza imeshafika, umechelewa, watu wanagongana.

Kundi la Arlys likachagua: kupiga kwata mahali pamoja, kugusa pembeni kulia na kushoto, kusuka, yaani kwenda upande huku mguu ukipita nyuma ya mwenzake, na kuinua goti. Mwisho wa wiki ya tatu kila kundi lingecheza mbele ya wengine, na kila mtu apimwe mapigo ya moyo. Ubaoni Ostby aliandika jina la kila mtu na kiwango chake. Arlys Voigt: tisini na moja mpaka mia na ishirini na mbili. Asiyefika kiwango, hajafanya kazi. Asiyefanya kazi, hapati nusu somo.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Alhamisi walicheza wimbo mzima, mapigo mia na thelathini. Arlys akapiga kwata, akasuka, akainua magoti, jasho likamwingia machoni, akahema kama mtu aliyesukuma gari lililokwama kwenye theluji. Ostby akasema, "Vidole shingoni. Hesabu robo dakika." Leland akapata mia na arobaini na nne. Yesenia, mia na hamsini na mbili. Arlys akahesabu, akarudia.

"Ishirini na moja," akasema.

"Mara nne, themanini na nne." Ostby akamtazama kwa upole ambao Arlys aliuchukia palepale. "Bi Arlys, naona unajihurumia kidogo. Si mbaya. Lakini jikaze."

Kujihurumia! Arlys ambaye alikata mabawa miaka thelathini na minne, akajifungua watoto watatu na kurudi kwenye laini ya bata kiwandani kabla kitovu cha mtoto hakijakauka! Alipopata pumzi akawaambia wenzake, "Tutabadilisha wimbo. Tunataka wa mia na arobaini na nane."

Leland akashika goti lake. "Dada Arlys, una kisasi na mimi? Nilikukosea nini?"

"Wewe kaa kwenye lori lako kama unaogopa."

"Sio naogopa, ni goti. Linazungumza."

"Lifunge mdomo."

Yesenia akapiga miayo, akacheka. "Mwacheni. Huyu bibi akishasema amesema."

Nyumbani Arlys alisogeza meza ya jikoni akajizoeza peke yake kwenye wimbo huo mpya, huku sinia la nyama na viazi likiiva ndani ya oveni. Kila akimaliza anashika shingo. Themanini na nane. Themanini na nne. Moyo wake ulikuwa umegoma, kama nyumbu. Alidhani ni uzee. Hakufikiria kidonge, kidonge kwake kilikuwa kitu cha kumeza na chai ya asubuhi na kusahau.

Jumanne ya wiki iliyofuata wakaujaribu ule wimbo wa mia na arobaini na nane ukumbini. Kwata ilikwenda. Kugusa pembeni kulikwenda nusunusu. Kwenye kusuka, Arlys alipeleka mguu nyuma, na kabla haujatua muziki ulishamwita upande wa pili. Mguu ukamkuta mwenzake. Sakafu ikapanda, taa zikazunguka, akajikuta ameketi chini mgongo ukutani, ukuta ule ule wa mwaka sabini na tatu, watu kumi na mmoja wanamtazama.

Ostby alikuwa tayari amezima muziki na kupiga magoti mbele yake. "Usisimame kwanza. Pumua. Bi Arlys, unatumia dawa yoyote?"

"Nimeandika kwenye fomu."

"Nimesoma ulichoandika. Sasa nakuuliza wewe."

Kizunguzungu kilipokwisha, Arlys akasimama, akachukua koti kwenye ndoano, akatoka.

Yesenia alimkuta kwenye kibaraza, anahangaika na zipu. Nje theluji ya Aprili ilikuwa imebaki vichuguu vyeusi kandokando ya maegesho.

"Ndio unaenda?"

"Naenda."

"Na sisi? Mimi nimetoka zamu saa kumi na moja alfajiri, sijalala, nimekuja kuinua magoti na babu wa maziwa. Unaniacha na Leland?"

"Mtapata mwingine."

"Hatutapata. Tuko watatu." Yesenia akaegemea mlango. "Unajua umenifanya niogope? Ulivyoanguka ilikuwa kama pale kazini wakiongeza mwendo wa laini bila kutuambia. Mtu anafanya, anafanya, ghafla mikono haifiki. Ila sisi tuna dawa. Mmoja akigundua, anagonga kisu kwenye bati mara mbili. Ko, ko. Meza ya pili inagonga. Mpaka msimamizi anatahayari anarudisha mwendo."

Zipu ya Arlys ilikwama katikati. "Wewe unafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha bata. Mabawa."

"Meza ya ngapi?"

"Ya tatu, karibu na mlango wa barafu."

Arlys akamtazama kama ndio kwanza anamwona. "Mlango ule bado unaingiza baridi kwenye figo?"

Yesenia akafungua mdomo. "Ulikuwa pale?"

"Binti, ile ko, ko ni yangu. Mwaka themanini na moja. Msimamizi alikuwa anajificha kule juu anaongeza kidogo kidogo, akidhani hatujui. Laini yetu ilikuwa bata thelathini na moja kwa dakika. Kila bata mapigo manne ya mkono: shika, kata, geuza, achia. Akiweka thelathini na mbili tu, najua. Mwili wangu wenyewe unajua. Nagonga."

"Sasa hivi ni thelathini na saba," Yesenia akasema taratibu.

"Thelathini na saba!" Arlys akapiga hesabu kwa midomo. Mara nne. Mia na arobaini na nane. Akapiga hesabu tena, ikatoka ile ile, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mwendo ule ambao angeugongea kisu mpaka bati litoboke, leo ameuchagua mwenyewe, na kuwaburuza wenzake humo.

"Kwa nini hukugonga leo?" Yesenia akauliza.

Arlys alivua koti, akarudi ndani. Akaenda moja kwa moja kwa Ostby, akafungua mkoba, akamwekea chupa ya vidonge mkononi, kama alivyowahi kumkabidhi mwingine ufagio.

"Haya. Soma."

Ostby akasoma, akafumba macho kidogo. "Hiki kidonge kinashikilia mapigo ya moyo yasipande. Ungekimbia mpaka mji wa pili, shingo bado ingekwambia themanini. Kiwango nilichokuandikia ubaoni hakikuhusu hata kidogo. Na mimi nikakwambia jikaze." Akaufuta ule mstari ubaoni kwa kiganja. "Nisamehe, Bi Arlys."

"Ulisoma hapana, ukaamini hapana. Mwongo ni mimi."

"Basi tugawane kosa. Nenda kliniki waniandikie kwamba unaruhusiwa. Kuanzia leo wewe hatukupimi shingoni, tunakupima mdomoni. Ukicheza, uweze kusema sentensi fupi, lakini usiweze kuimba. Ukiimba, unategea. Ukishindwa kusema, umepitiliza."

"Kusema sijawahi kushindwa," akasema Arlys, na Leland kule nyuma akaguna, "Hilo sisi ni mashahidi."

Alhamisi akaleta karatasi ya kliniki. Wakakaa chini watatu hao kutafuta wimbo upya. Yesenia akaweka mmoja wa kodiani wa kwao kusini, mpakani, bum-pa, bum-pa, na Leland akaruka. "Huu ni wetu! Babu yangu Mjerumani alikuwa anaupiga harusini!"

"Babu yako aliuiba."

"Nyinyi ndio mliuchukua."

"Mapigo ni mangapi?" Arlys akakatiza.

Leland akatazama simu, kwenye programu ya kuhesabia mapigo. Uso ukamwanguka. "Sitini na mawili. Haufai, ni wa kulalia."

"Wa kulalia wewe umekaa unatikisa mguu?" Arlys akafumba macho. Mikono yake ikaanza kutembea yenyewe hewani: shika, kata, geuza, achia. Shika, kata, geuza, achia. "Hiyo simu inahesabu pigo moja inaruka moja. Huu ni bata thelathini na moja. Hesabu kwa saa."

Leland akahesabu kwa saa ya mkononi, robo dakika. Thelathini na moja. Akazidisha kwa nne. "Mia na ishirini na nne," akasema, akaitazama simu kama imemtukana.

Wakaupanga upya. Kwata nane, wakarudia mpaka Leland akaacha kuanza na mguu wa kushoto. Wakaongeza kugusa pembeni, mara nne. Wakarudi mwanzo. Wakaongeza kusuka, kulia mapigo manne, kushoto manne, hatua ndefu sasa kwa kuwa muda upo. Wakarudi mwanzo. Wakaongeza magoti manne, goti bovu la Leland likipanda nusu tu, na wakajikuta mguu wa kulia uko huru tena kuanza upya, wimbo nao unavuta pumzi. Ilikaa kama mfuniko na sufuria. Yesenia akapiga kelele ya furaha. Arlys ndiye mwita hatua. Mwanzoni alichelewa, akaita "Suka!" wakati wameshasuka wakagongana. Baadaye akajifunza kuitupa sauti mbele, kwenye tano, sita, saba, nane, kama alivyokuwa akiwaonya wenzake bata mbovu anakuja.

Jumapili kabla ya siku yenyewe akampigia simu Curtis. Maneno yaliyomkaa miaka hamsini yalichukua chini ya dakika. Curtis akasema, "Kwa hiyo mafuriko, mama?"

"Yalichukua zulia tu."

"Nije Alhamisi?"

"Usije. Ukija nitakutazama wewe nikose hatua. Njoo siku ya joho. Kama lipo."

Alhamisi ikafika. Kundi la vijana likacheza kwanza, wimbo wa kasi, wakarukaruka vizuri, wakapigiwa makofi. Kisha Ostby akaita, "Arlys, Leland, Yesenia." Wakajipanga. Ostby akagusa simu iliyounganishwa na spika, kodiani ikaanza.

Kwata. Moja, mbili, tatu. Kabla nane ya kwanza haijaisha Arlys alijua. Miguu ya Leland ilikuwa inakimbilia pigo. Mikono yake mwenyewe, pembeni ya mapaja, haikufika kwenye achia. Sauti moja ndani yake ikasema jikaze, wanatazama. Ile sauti aliijua. Ndiyo iliyomtoa nje siku ya ufagio, ndiyo iliyomwandikia HAPANA.

Akasogea hatua mbili, akagonga ubao wa ukutani kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.

Yesenia akasimama hapo hapo. Naye akainama akagonga sakafu. Ko, ko.

"Kuna nini?" Ostby akauliza.

"Mashine imeongezwa," akasema Arlys. "Huu si wimbo wetu. Wetu ni thelathini na moja, huu ni thelathini na tatu."

"Thelathini na tatu nini?"

"Bata!" akajibu Leland kwa hasira, kana kwamba kila mtu duniani anajua.

Ostby akainua simu, akaitazama. Akakuna kichwa. "Kile kitufe cha mwendo. Niliwaongezea wale vijana kwa asilimia sita, sikurudisha." Akapiga hesabu. "Mia na thelathini na moja na ushei. Bi Arlys, umelijua hilo kwa mapigo manane?"

"Kwa saba. La nane nilikuwa nafikiria kama nikuaibishe."

Ukumbi ukacheka, na safari hii Arlys alikuwa ndani ya kicheko, si mbele yake. Wimbo ukarudi mwanzo, thelathini na moja kamili. Kwata. "Gusa!" Wakagusa. "Suka!" Hatua ndefu, mguu ukapita nyuma ukarudi salama. "Goti!" Wakafunga mapigo thelathini na mawili, wakaanza upya, mara ya pili, ya tano, jasho likatiririka, Ostby akazunguka akipima. Akamfikia Arlys.

"Sema kitu, Bi Arlys."

"Naitwa Arlys Voigt," akasema, akavuta pumzi, "darasa la sabini na tatu. Gusa!"

"Unaweza kuimba?"

"Siwezi, na ondoka hapo, tunasuka!"

Ostby akaruka pembeni. Wimbo ulipokwisha hawakukaa. Wakatembea polepole kuzunguka ukumbi mpaka pumzi zikarudi, kama walivyofundishwa. Kisha mwalimu akaketi kwenye benchi akaandika kwenye karatasi ya njano, akaichana, akamletea. Nusu somo. Jina lake, tarehe, sahihi.

Arlys aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata maneno. Akaikunja mara moja, akaiweka kwenye mkoba pamoja na ile chupa ya vidonge.

"Wiki tatu zimebaki," Ostby akasema. "Wewe umeshapita. Si lazima uje."

"Na hawa nani atawaitia hatua?" Akamgeukia Yesenia, aliyekuwa amejilaza sakafuni. "Na wewe, hiyo thelathini na saba ya kule kazini. Mnagonga, au mnakaa tu?"

"Tunagonga, Bi Arlys. Ila hawasikii kama zamani."

"Basi mnagonga meza moja moja. Gongeni zote kwa pamoja, kwenye pigo la kwanza. Inuka nikuonyeshe."